Jiwe la Kilo 500 Lililopimwa Mara Tatu

Lori lenye shehena likipanda mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, dereva na mkaguzi wote hukodolea macho namba moja. Je, limevuka tani 56, kikomo cha juu cha uzito wa gari na mzigo wake katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016? Wachache hujiuliza mizani yenyewe ilijuaje uzito. Mizani ya magari hukaguliwa kwa kupakiwa mawe ya chuma ambayo uzito wake unajulikana, na mengi yanayofaa kwa kazi hiyo ni ya kilo 500 kila moja, yenye kitanzi juu cha kunasia ndoano ya kreni. Jiwe hilo nalo lilipelekwa kwanza kwenye maabara ya ugezi likalinganishwa na jiwe jingine lililo bora kuliko lenyewe. Ukisoma cheti chake utakuta namba tatu: limezidi au kupungua kwa gramu ngapi, shaka ya kipimo ni gramu ngapi, na herufi ndogo k ambayo karibu kila mara imeandikiwa 2.

Ile 2 ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu mara nyingi imeandikwa kwa mazoea tu.

Tuanze na kazi yenyewe. Maabara haiweki jiwe juu ya mizani na kunakili namba. Kwanza linapandishwa jiwe rejea, kisha jiwe la mteja, kisha la mteja tena, kisha rejea tena. Kupandisha huku na huku kunafuta kusogea kwa mizani kunakotokana na joto na muda, na mapandisho yote manne huzaa namba moja tu: tofauti kati ya mawe mawili. Ukitaka namba ya pili, unarudia yote manne. Kwa jiwe la gramu 100 fundi anaweza kurudia mara kumi kabla ya chai. Kwa nusu tani kuna kreni, kuna minyororo, kuna kusubiri mzigo uache kuyumba, na kuna malori mawili nje yanayosubiri kupakia mawe yao. Fundi hufanya mizunguko mitatu, akifunga daftari hapo hakuna wa kumlaumu.

Tuseme mizunguko hiyo mitatu imetoa tofauti za gramu 17, 23 na 20. Wastani ni gramu 20: jiwe limezidi kilo 500 kwa gramu 20. Namba zimetawanyika, na mtawanyiko huo hupimwa kwa mkengeuko sanifu, ambao hapa ni gramu 3 kamili. Kwa kuwa tunatumia wastani wa namba tatu, tunagawanya kwa mzizi wa pili wa 3 na kupata gramu 1.73. Huo ni mchango wa kwanza katika shaka ya kipimo, nao umetoka kwenye namba zile tatu peke yake.

Michango mingine haikutoka kwenye kurudia. Jiwe rejea lina cheti chake kinachosema shaka ni gramu 2.6 kwa k = 2, kwa hiyo shaka yake sanifu ni 1.3. Tangu lilipopimwa huenda limebadilika kidogo, tukadirie 0.6. Mizani inasoma kwa hatua za gramu moja moja, na hilo katika tofauti ya mawe mawili huleta 0.41. Jiwe halikai katikati kabisa ya sahani kila mara, tuweke 0.5. Msukumo wa hewa tunauacha, kwa kuwa katika mfano huu mawe yana densiti zinazokaribiana na maabara iko usawa wa bahari; kule Nairobi, ambako hewa ni nyepesi zaidi, usingeuacha kirahisi hivyo.

Michango hii haijumlishwi hivi hivi. Kila mmoja unapigwa kipeo cha pili, vinajumlishwa, kisha unatafutwa mzizi wa jumla. Vipeo ni 3.00, 1.69, 0.36, 0.17 na 0.25, jumla 5.47. Mzizi wake ni gramu 2.34. Hiyo ndiyo shaka sanifu ya jumla. Cheti hakitoi namba hiyo, kwa sababu masafa ya 2.34 kila upande hukamata thamani ya kweli kama mara mbili katika kila tatu tu. Tunataka masafa yanayoikamata takriban mara 95 katika 100. Kwa hiyo tunazidisha kwa k, kizidishi cha wigo.

Sasa mpe mafundi watatu karatasi hiyo hiyo.

Wa kwanza anazidisha kwa 2, kama alivyofundishwa, na kuandika gramu 4.7. Wa pili amesikia kwamba vipimo vichache vinataka jedwali la t. Vipimo ni vitatu, digrii za uhuru ni mbili, na kwenye jedwali, mstari wa 2 unasema 4.53. Anazidisha na kuandika gramu 10.6. Wa tatu anafanya hesabu ndogo zaidi, anapata k = 2.52, na kuandika gramu 5.9.

Tofauti hizi zina bei. Pendekezo R 111 la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, linaruhusu jiwe la kilo 500 la daraja la M1 kukosea hadi gramu 25. Linadai pia kwamba shaka isizidi theluthi ya hapo, yaani gramu 8.3, na kwamba kosa la jiwe libaki ndani ya 25 baada ya kuondoa shaka. Kwa fundi wa kwanza kikomo ni 25 kutoa 4.7, yaani 20.3, jiwe lenye gramu 20 limepita. Kwa wa tatu kikomo ni 19.1, halikupita. Kwa wa pili hakuna hata cha kujadili, maana shaka ya 10.6 imezidi theluthi na maabara haiwezi kulipa jiwe daraja hilo. Wote wamesoma mizani ile ile.

Fundi wa kwanza amekosea wapi? Kizidishi 2 kinatoka kwenye kengele ya kawaida ya Gausi, nacho ni sahihi iwapo tunajua mtawanyiko wa kweli wa mizani. Sisi hatuujui. Tuliukadiria kwa namba tatu. Mwongozo wa kimataifa wa kueleza shaka ya vipimo, maarufu kwa kifupi cha GUM, una jedwali linaloonyesha mkengeuko sanifu unaokadiriwa hivyo nao una shaka kiasi gani: kwa vipimo vitatu ni asilimia 52. Yaani ile "gramu 3" yetu ingeweza bila ajabu yoyote kuwa moja na nusu au nne na nusu. Hata kwa vipimo kumi bado ni asilimia 24, jambo ambalo huwashangaza hata watu waliokaa maabara miaka mingi.

Aliyetambua ugonjwa huu na kuutafutia dawa alikuwa mtu wa kiwanda cha bia. William Sealy Gosset alifanya kazi kwa Guinness mjini Dublin, ambako majaribio ya shayiri na hopi yalikuwa ghali na sampuli chache. Mwaka 1908 alichapisha, kwa jina la bandia la "Student", hesabu ya kinachotokea unapotumia mtawanyiko uliokadiriwa kwa sampuli ndogo. Alijaribu hesabu yake kwa vipimo vya urefu wa wafungwa 3,000 na vya vidole vyao, vilivyoandikwa kwenye kadi, zikachanganywa kama karata na kugawanywa katika mafungu 750 ya kadi nne nne. Mgawanyo uliojitokeza una mikia minene kuliko kengele ya Gausi, nao ndio jedwali la t tunalolisoma leo.

Jedwali hilo lina mwendo wa kuvutia. Ukipima mara mbili una digrii moja ya uhuru, maana wastani umeshakula moja, na kizidishi cha takriban asilimia 95 (kwa usahihi 95.45, ili kilingane na k = 2) ni 13.97. Ongeza kipimo cha tatu, kinaporomoka hadi 4.53. Cha nne kinakifikisha 3.31, cha tano 2.87. Baada ya hapo kinashuka kwa kuburuta miguu: digrii kumi ni 2.28, hamsini ni 2.05. Kipimo cha tatu, basi, kina thamani kubwa kuliko cha kumi, na mtu anayepima mara mbili tu kisha akaandika k = 2 anadhani ana uhakika wa asilimia 95 ilhali, kama shaka yote imetoka kwenye kurudia, anao wa asilimia 70. Kwa vipimo vitatu ni karibu 82.

Neno la kushika hapo ni "kama shaka yote imetoka kwenye kurudia", na ndilo lililompita fundi wa pili. Yeye alitoza adhabu ya vipimo vitatu juu ya shaka nzima, pamoja na sehemu iliyotoka kwenye cheti cha jiwe rejea, ambacho hakikupatikana kwa vipimo vyetu vitatu. Michango iliyopatikana kwa njia nyingine ina uimara wake, na ikichanganyika na ule dhaifu, jumla inakuwa imara kuliko mchango dhaifu ulivyo peke yake. Swali ni imara kiasi gani.

Jibu linalotumika lilitokana na kazi za B. L. Welch wa Uingereza na F. E. Satterthwaite wa Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940. Wanasema: chukua mchanganyiko wako wa michango, kisha tafuta mgawanyo mmoja wa t unaofanana nao kwa karibu. Digrii za uhuru za mgawanyo huo wa mfano ndizo huitwa digrii faafu. Kanuni yao huandikwa hivi:

```
v_eff = u_c^4 / ( u_1^4/v_1 + u_2^4/v_2 + ... )
```

Hapo u_c ni shaka sanifu ya jumla, kila u ni mchango mmoja, na kila v ni digrii za uhuru za mchango huo. Kipeo cha nne hutisha watu, lakini katika hali yetu kanuni inafupika mno. Mchango mmoja tu ndio wenye digrii chache. Mingine tunaichukulia kuwa na digrii nyingi sana, hivyo inatoweka chini ya mstari. Kinachobaki ni kuuliza: mchango wa kurudia umebeba hisa gani ya vile vipeo vya pili? Hapa ni 3.00 katika 5.47, yaani 0.55. Gawanya digrii zake, ambazo ni 2, kwa hisa hiyo iliyopigwa kipeo cha pili. Hisa 0.55 mara 0.55 ni 0.30, na 2 gawanya kwa 0.30 ni kama 6.6. Mwongozo unashauri kushuka hadi namba kamili iliyo chini, hivyo tunachukua 6, na jedwali linatupa 2.52. Ndiyo namba ya fundi wa tatu.

Ukiishika njia ya hisa, huhitaji kompyuta kujua kama una tatizo. Hisa ikiwa yote, digrii faafu ni zile zile mbili. Hisa ikiwa nusu, zinakuwa mara nne, yaani nane. Ikiwa robo, mara kumi na sita, yaani 32, na kizidishi tayari kimeshakaribia 2. Ikiwa sehemu moja ya kumi, ni mia mbili, na hapo k = 2 haina ubishi hata kama ulipima mara tatu tu. Ndiyo maana R 111 yenyewe inaruhusu k = 2 kwa kawaida, lakini inataka jedwali la t pale ambapo mtawanyiko wa zamani wa mizani haujulikani, vipimo haviwezi kuongezwa vikafika kumi, na mchango wa kurudia umezidi nusu ya shaka ya jumla. Nusu ya shaka ni robo ya kipeo chake cha pili. Ule mpaka haukuchotwa hewani.

Kuna fundi wa nne ambaye hakuwa kwenye karatasi yetu: yule anayegawanya shaka ya kila cheti kwa 2 bila kusoma. Kama cheti cha jiwe rejea kingekuwa kimeandika gramu 2.6 kwa k = 2.52, shaka sanifu yake isingekuwa 1.3 bali 1.03, na digrii zake zisingekuwa nyingi bali sita, nazo zingepaswa kuingia chini ya mstari katika kanuni pamoja na zetu. Maabara inayotoa k isiyo 2 inatakiwa kutaja pia digrii faafu, la sivyo anayefuata katika mnyororo hana pa kushika.

Hadi hapa fundi wa tatu anaonekana ndiye bingwa. Mimi nadhani amefanya vizuri ila hajamaliza, kwa sababu kanuni hii ina udhaifu ambao haujitokezi mpaka uirudie siku nyingi.

Fikiria mizani ile ile, kreni ile ile, fundi yule yule. Tuseme mtawanyiko wake wa kweli, kama ungeweza kupima maelfu ya mara, ni gramu 2.4. Siku moja anapata 20, 20 na 21. Mkengeuko ni 0.58. Mchango wa kurudia unakuwa mdogo mno, hisa yake inakuwa kama asilimia 4, digrii faafu zinapanda kupita elfu moja, kizidishi ni 2 safi, na shaka ya cheti ni gramu 3.2. Siku nyingine anapata 16, 20 na 24. Mkengeuko ni 4. Mchango wa kurudia umebeba zaidi ya theluthi mbili, digrii faafu zinashuka hadi 4, kizidishi ni 2.87, na shaka inafika gramu 8.0, imebakiza kidogo tu kugusa theluthi inayoruhusiwa. Mizani haijaharibika wala haijatengenezwa. Kwa mtawanyiko wa kweli wa 2.4, nafasi ya kupata mkengeuko mdogo kama ule wa kwanza ni karibu mara 6 katika 100, na nafasi ya kupata mkubwa kama ule wa pili nayo ni karibu mara 6 katika 100.

Mteja wa siku ya kwanza amepewa cheti kizuri kwa bahati, na wa siku ya pili amepewa kibaya kwa bahati. Hatari zaidi ni kwamba kanuni humsifu mwenye bahati mara mbili: namba zikikubaliana, shaka inapungua na kizidishi nacho kinapungua. Jedwali la t linalinda wastani wa vyeti vingi. Cheti kimoja kilichoangukia upande wa bahati halikilindi. Basi ukiona maabara ambayo shaka zake kwa mawe ya aina moja zinarukaruka, 3 leo, 8 kesho, usidhani wana mizani yenye tabia mbaya. Yaelekea wanaanza upya kila siku, kana kwamba mizani yao haijawahi kupima kitu.

Dawa iko kwenye daftari. Maabara iliyopima mawe manane ya kilo 500 kwa mizani hiyo, kila moja kwa mizunguko mitatu, ina mikengeuko minane. Kila mmoja peke yake ni dhaifu, una digrii mbili tu. Lakini vipige vipeo vya pili, tafuta wastani wake, chukua mzizi: unapata mkengeuko wa pamoja wenye digrii 16. Wastani wa tofauti haujachanganywa, maana kila jiwe lina uzito wake. Kilichochanganywa ni mtawanyiko, ambao ni tabia ya mizani na mikono inayoitumia.

Tuseme mkengeuko wa pamoja ni 2.4. Kwa jiwe letu la leo bado tumepima mara tatu, kwa hiyo tunagawanya kwa mzizi wa pili wa 3, tunapata 1.39. Jumla ya vipeo sasa ni 4.39 na shaka sanifu 2.10. Hisa ya kurudia ni 0.44; kipeo chake cha pili ni 0.19, na 16 gawanya kwa 0.19 ni zaidi ya 80. Kizidishi ni 2.03, na shaka ya cheti ni gramu 4.3. Kikomo kinakuwa 20.7, na jiwe lenye gramu 20 limepita, safari hii kwa hoja inayosimama. Namba ya mwisho inakaribia ile ya fundi wa kwanza, lakini yeye aliipata bila kujua chochote kuhusu mizani yake.

Mkengeuko wa pamoja una masharti, na hapa ndipo watu huteleza. Mawe lazima yawe ya uzito unaokaribiana. Historia ya mawe ya kilo 20 haisemi lolote kuhusu nusu tani inayoning'inia. Mizani iwe ile ile na haijafanyiwa matengenezo makubwa katikati. Na kila siku mtawanyiko wa leo uulizwe kama unafanana na wa zamani. Kwa digrii 2 dhidi ya 16, jedwali la F linaruhusu kipeo cha pili cha leo kifike mara 3.63 ya kile cha zamani kabla ya kushuku kwa kiwango cha asilimia 5. Kwa mfano wetu, mkengeuko wa leo ukizidi kama gramu 4.6, simama. Usitumie historia kuficha siku mbaya. Tafuta mlango ulioachwa wazi upepo ukaingia, au mnyororo uliogusa sahani. Wetu wa leo ulikuwa 3, hivyo hakuna ugomvi.

Maabara mpya isiyo na historia inaweza kuinunua kwa siku moja: inachukua jiwe moja tulivu, inafanya mizunguko kumi asubuhi hadi jioni, na inapata mkengeuko wenye digrii 9 wa kuanzia, ambao baadaye utatumika kwa kazi za mizunguko mitatu. Siku ya kazi bila mteja inauma, lakini inalipa haraka kuliko kumwambia kila mteja kwamba shaka yake ni gramu nane.

Kinachonikera zaidi ni digrii bandia. Fundi amepandisha jiwe mara moja, akalisoma, akabonyeza kitufe, akalisoma tena, hivyo hivyo hadi kumi, bila kulishusha. Ameandika vipimo kumi, digrii tisa, mkengeuko mdogo wa kupendeza. Kanuni ya Welch na Satterthwaite itampa k karibu na 2 na haitaona kosa, kwa sababu inadhani vipimo havitegemeani. Lakini alichorudia ni kusoma skrini. Kuyumba kwa kreni, mahali jiwe lilipotua, joto la mizani baada ya kubeba na kuachia mzigo, vyote vilitokea mara moja tu. Kwa kweli ana kipimo kimoja. Alama yake ni rahisi kuitambua: mlinganishe mtu huyo na mwenzake aliyeshusha na kupandisha kila mara, na utakuta mkengeuko wa mwenzake ni mkubwa mara kadhaa kwenye mizani ile ile. Kanuni yenyewe pia inadai michango isifungamane, mmoja usipande kwa sababu mwingine umepanda. Ikifungamana, namba inayotoka haina maana hata ukiipata kwa desimali nne.

Turudi kwa jiwe la mteja, ambalo bado limening'inia. Mawe makubwa ya daraja la M1 huwa na tundu la kurekebishia lililofunikwa kwa kizibo, na ndani yake huwekwa vipande vya risasi au chuma. Mkuu wa maabara mwenye busara habishani kama kikomo ni 19.1, 20.3 au 20.7. Anaandika kwanza hali jiwe lilivyoletwa, gramu 20 juu na shaka 4.3 kwa k = 2.03, kisha anafungua kizibo na kutoa gramu 20 za risasi. Jiwe linapandishwa tena kwa mizunguko mitatu mipya, maana lile la awali halipo tena, na cheti kinabeba matokeo ya kabla na ya baada. Sasa tofauti iko karibu na sifuri, na kwa k yoyote kati ya zile tatu zilizokuwa na ubishi, jiwe limo ndani ya gramu 25. Mkengeuko wa mizunguko hii mipya unaandikwa kwenye daftari, mstari wa kumi.